Baba Wawili Katika Faili Moja



Katika mtaa wetu hapa Uvira, watu wengine huja mlangoni pangu jioni wakiwa na karatasi nyeupe mkononi. Wanajua kwamba nilisomea ualimu, na kwamba jioni, baada ya mafundisho, huwa nimekaa uani. Huniomba niwaandikie barua: kwa mkuu wa shule, kwa mwenye nyumba, kwa tajiri wa kazi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi hiyo ni ya mkono tu. Mwenye barua anasema, mimi naandika. Jirani yangu mmoja, ambaye mtaa mzima humwita Baba Mapacha, ndiye aliyenifundisha kwamba sivyo.

Baba Mapacha ni mlinzi wa usiku katika ghala moja lililo karibu na bandari ya Kalundu. Alizaliwa kijijini kusini mwa Mboko, pwani ya ziwa, na hakukaa darasani hata mwaka mmoja. Baba yake mzazi alizama ziwani naye akiwa mtoto mdogo. Aliyemchukua na kumlea ni ndugu mdogo wa baba yake. Huyo ndiye aliyempakia mtumbwini akiwa na miaka tisa, akamfundisha kushika lusenga, ule wavu wenye mpini mrefu, na kuchota ndagala wanapokusanyika chini ya mwanga wa taa. Usiku ulikuwa wa kuvua na mchana ulikuwa wa kulala, isipokuwa siku za mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwaka ndagala hawaifuati taa. Shule haikupata nafasi katika ratiba hiyo.

Jioni ya Jumanne moja, katika majira ya mvua, alikuja kwangu amevaa tayari koti lake la zamu.

"Mwalimu," alisema, "baba amekufa. Wamenipigia simu sasa hivi. Niandikie barua ya kuomba konje, niipeleke asubuhi nikitoka zamu."

Nilimpa pole, nikamketisha. Mke wangu alimletea maji. Kisha nikachukua karatasi na kalamu, kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza saa kumi na mbili na nusu na muda ulikuwa mfupi. Alianza kusimulia tangu mwanzo: jinsi mzee alivyoanza kukohoa wakati wa mavuno ya mihogo, jinsi walivyompeleka kwenye kituo cha afya, jinsi alivyorudi nyumbani akasema amechoka. Nilimsikiliza, lakini nilijua kwamba maneno hayo hayataingia katika barua. Kwetu mtu huanza na salamu, akazunguka kwa heshima, na jambo lenyewe likaja mwishoni. Barua ya kazi, hasa ile ya Kifaransa ambayo mabiro yetu mengi huitaka, huenda kinyume. Juu kabisa, kabla ya salamu, unaandika mstari mmoja unaosema barua inahusu nini. Anayeisoma ana karatasi nyingi mezani, naye anatafuta mambo manne: ni nani anayeomba, kwa sababu gani, tangu siku gani hadi siku gani, na nani atafanya kazi yake wakati hayupo.

Basi niliandika harakaharaka. Nilimtaja kazi yake, nikaandika kwa Kifaransa kwamba baba yake amefariki na kwamba anaomba siku 4 za kazi. Siku hizo sikuzibuni. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ile sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi siku 4 za kazi anapofiwa na mume au mke, au na ndugu wa daraja la kwanza. Akifiwa na ndugu wa daraja la pili hupata siku 2. Wakwe nao huhesabiwa kwa namna hiyo hiyo. Baba ni daraja la kwanza. Nikaona kazi imekwisha.

Nina desturi moja niliyorithi kwa mwalimu wangu wa zamani: barua ya mtu asiyejua kusoma haitiwi alama ya kidole kabla ya kusomwa kwa sauti katika lugha yake. Basi nilimsomea, nikiitafsiri kwa Kiswahili sentensi moja moja. Nilipofika kwenye maneno "baba yangu mzazi", kwa kuwa ndivyo Kifaransa changu kilivyosema, aliinua mkono.

"Si mzazi, Mwalimu. Ni yule aliyenilea. Baba mdogo."

Niliweka kalamu chini. Hapo ndipo kosa langu lilipoonekana, nalo lilikuwa langu kabisa. Aliposema "baba amekufa", alikuwa amesema kweli. Katika Kiswahili chetu, na katika lugha za pwani hii, ndugu wa baba ni baba. Anaweza kuwa mkubwa au mdogo, lakini ni baba, na mtoto aliyelelewa naye hatamwita jina lingine. Mimi ndiye niliyelibeba neno hilo nikalitua katika lugha yenye mlango mwembamba. Kifaransa cha sheria kina baba mmoja tu. Wengine wote hupewa jina lingine.

Tena tofauti hiyo haikuwa ya jina peke yake. Sheria huhesabu undugu kwa hatua, nanyi mnaweza kuzihesabu kwa vidole. Kutoka kwako kwenda kwa baba yako ni hatua moja, basi yeye ni daraja la kwanza. Kwenda kwa babu ni hatua mbili. Kwa ndugu yako wa tumbo moja, unapanda kwanza hadi kwa baba, kisha unashuka kwake: hatua mbili. Kwa baba mdogo unapanda kwa baba, unapanda tena kwa babu, kisha unashuka kwa baba mdogo: hatua tatu. Daraja la tatu halimo katika orodha ile. Kwa mtu aliyemfundisha kusimama mtumbwini, sheria haikumpa jirani yangu hata siku moja.

Nilimweleza hivyo polepole. Alinitazama kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali.

"Lakini huyo ndiye baba niliyemjua," alisema. "Yule mwingine sikumbuki hata sura yake. Acha liwe hivyo, Mwalimu. Andika baba. Si uongo."

Nakiri kwenu, vijana, kwamba nilitaka kukubali. Niliwaza kwamba mwajiri hatajua, na kwamba neno lile katika kinywa cha jirani yangu lilikuwa kweli kuliko lile la kwenye kamusi. Lakini kabla sijaamua, nilimuuliza swali ambalo sasa humuuliza kila mtu: "Umewahi kuomba konje ya msiba mahali hapo?"

Alifikiri kidogo. "Ndiyo. Miaka miwili iliyopita, alipokufa baba mkubwa. Kijana mmoja wa duka la kopi aliniandikia."

"Aliandika amekufa nani?"

"Nilimwambia baba. Naye hakuniuliza."

Basi mambo yalikuwa hivi. Katika faili yake kule biro mlikuwa tayari na baba mmoja aliyekufa na siku 4 zilizolipwa. Tungepeleka barua yetu, mtu angeifungua faili ile, kwa kuwa barua za konje huwekwa pamoja ili siku zihesabiwe, naye angekuta mfanyakazi aliyefiwa na baba mzazi mara mbili. Hakuna maelezo ya mila ambayo yangetangulia mbele ya tuhuma hiyo. Mlinzi ni mtu anayeachiwa funguo. Akishukiwa kusema uongo, hata uongo wa siku nne, amekwisha kupoteza kile alichoajiriwa kwa ajili yake.

Nilimwambia. Alikaa kimya, akiangalia saa ya simu yake. Kisha akasema harakaharaka, kama mtu anayeruka mfereji: "Basi andika mama."

Hakuna aliyejibu. Mke wangu, aliyekuwa karibu na jiko, aligeuka. Mama yake Baba Mapacha yu hai. Nimewahi kula ugali wa mihogo aliouletea wajukuu zake alipopanda gari kuja kuwaona. Jirani yangu mwenyewe alisikia alichokisema. Alijifuta uso kwa mkono.

"Hapana," alisema. "Mama usimwandike. Nitamwangaliaje?"

Nadhani ndipo tulipoanza kuandika barua kwelikweli, sote wawili.

Nilimweleza kwamba njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuandika kwamba aliyefariki ni baba mdogo aliyemlea, na kuomba siku hizo zitolewe katika konje yake ya mwaka. Sheria ile ile humpa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima wa utumishi, naye alikuwa ametumia siku 5 tu mwaka ule. Siku zilikuwepo, lakini mwajiri ndiye mwenye kukubali zichukuliwe lini. Angeweza kukataa. Njia ya pili ni kutokuandika lolote, kwenda msibani, na kurudi kukuta mtu mwingine mlangoni. Wengi huifuata njia hiyo kwa sababu ya haraka ya uchungu, na utoro wa siku kadhaa huwagharimu kazi ambayo barua ya nusu ukurasa ingeiokoa.

Alichagua ya kwanza. Lakini lilibaki jambo moja, nami sikutaka kulichagua kwa niaba yake: barua ya miaka miwili iliyopita. Tukisema sasa kwamba huyu ni baba mdogo, bila kugusa ya zamani, hakuna atakayeuliza. Tukiigusa, tunajifungulia mlango wenyewe, na huenda wakamkata siku 4 zilizolipwa. Nilimweleza pande zote mbili, kisha nikanyamaza. Ilikuwa barua yake, na kidole kilikuwa chake.

Aliniuliza: "Wakija kuliona wenyewe siku nyingine, watasemaje?"

"Watasema ulijua."

"Na nikilisema mimi?"

"Watasema ulikosea, halafu ukasahihisha. Pengine watakasirika vilevile."

Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu anayechelewa zamu. "Liweke," alisema. "Lakini fupi."

Hii ndiyo barua tuliyoiandika, nami naiweka hapa kwa Kiswahili ili muone ukubwa wake. Majina na nambari za simu nimeziacha.

"Kuhusu: Ombi la siku 4 za konje kwa sababu ya msiba.

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku katika ghala lenu la Kalundu. Nawaarifu kwa heshima kwamba baba yangu mdogo, ndugu wa baba yangu, aliyenilea tangu utoto, amefariki leo Jumanne kijijini kwetu kusini mwa Mboko.

Naomba kutokuwepo kazini siku 4, tangu kesho Jumatano hadi Jumamosi, na siku hizo zipunguzwe katika konje yangu ya mwaka. Nitarudi kazini Jumatatu saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwenzangu wa zamu ya mchana amekubali kunishikia zamu za usiku, na mlinzi wa akiba atashika zamu zake za mchana. Nikirudi nitaleta karatasi ya chifu wa kijiji inayothibitisha msiba.

Naomba pia kusahihisha jambo moja. Katika ombi langu la miaka miwili iliyopita iliandikwa kwamba nilifiwa na baba mzazi. Alikuwa baba mkubwa. Katika lugha yetu wote huitwa baba, nami sijui kusoma, kwa hiyo sikuona tofauti hiyo wakati ule. Naomba radhi.

Pokeeni, Bwana Mkurugenzi, heshima zangu."

Tazameni sentensi ya siku ya kurudi. Waombaji wengi huisahau. Huandika "siku chache" au "hadi matanga yaishe", na mwajiri anayesoma hivyo hawezi kumpanga mtu mwingine, kwa hiyo hukataa. Tazameni pia ile ya mwenzake wa zamu. Hatukuiandika kabla ya Baba Mapacha kumpigia simu na kumsikia akikubali. Mwenzake huyo ndiye aliyetaja mlinzi wa akiba, akaenda mwenyewe kumwuliza. Tungeandika jina la mtu ambaye hajaulizwa, barua ingeanguka asubuhi ile ile, mwenzake akiulizwa mlangoni.

Niliinakili mara mbili, kwa Kifaransa, nikamsomea tena yote kwa Kiswahili. Safari hii hakuinua mkono. Nilipaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba chake cha kushoto, akakikandamiza chini ya kila nakala. Pembeni niliandika kwamba hiyo ni alama yake, kwamba barua imesomwa mbele yake kwa Kiswahili naye ameikubali, kisha nikaandika jina langu na nambari yangu. Anayeandika kwa niaba ya mwingine bila kujitaja humwacha mwenziwe peke yake siku ya kuulizwa. Yule kijana wa duka la kopi hakuwa mbaya, lakini jina lake halikuwemo popote, na kosa lake lilibebwa na asiyejua kusoma.

Asubuhi alipeleka nakala mbili. Moja aliiacha biro, ya pili akagongewa muhuri wenye tarehe ya kupokelewa, akairudisha kwangu niitunze. Bila muhuri huo, barua iliyopotea mezani haijawahi kuwepo.

Jibu halikuja mara moja. Alikaa kwenye benchi hadi karibu saa sita mchana. Mkuu wake aliifungua faili, kama tulivyodhani, akasoma barua ya zamani na mpya moja kando ya nyingine. Alimkaripia kwa ile ya zamani. Akamwambia kwamba siku 4 zile za zamani nazo zitahesabiwa katika konje ya mwaka, kwa hiyo hazikuwepo siku za kutosha kwa zote mbili: kati ya siku 7 zilizobaki, 4 zilikwenda kulipa deni, zikabaki 3. Akampa hizo 3, tangu Jumatano hiyo, na kumtaka awe kazini Jumamosi jioni. Alipomaliza, aliuliza kwa sauti nyingine kabisa kama mzee alikuwa mvuvi. Baba Mapacha alisema ndiyo.

Alipanda gari mchana huo, lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara kupita Makobola, akalala njiani. Alifika Alhamisi alasiri. Walikuwa wameshazika, kwa kuwa kijijini hakuna pa kumhifadhi maiti na watu hawakuweza kungoja. Alikaa usiku mmoja katika matanga, pamoja na mama yake, akapata karatasi ya chifu, na Ijumaa asubuhi akaanza kurudi. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu alikuwa mlangoni pa ghala.

Aliponisimulia, nilimwambia naona uchungu kwamba ukweli ulimnyima siku moja, na kwamba kama ningekuwa mwepesi zaidi angewahi kuzika. Alinijibu kwamba alikaa usiku mzima akiwaeleza ndugu zake jinsi Wafaransa wanavyohesabu baba kwa hatua, na kwamba walicheka sana, hata mama. "Lakini Mwalimu," alisema, "mimi kule nilikwenda kama mtoto wake. Kama ungeandika yule mwingine, ningekwenda kumlilia nani?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, mtu akija kwangu na kusema baba amekufa, mama amekufa, ndugu amekufa, humpa pole kwanza na kumletea maji. Kisha, kabla ya kushika kalamu, humuuliza: "Yupi?"

Katika kikundi chenu, kabla ya kuagana, zungumzeni haya mawili:

1. Katika lugha ya nyumbani kwenu, ni watu gani mnaowaita baba au mama ambao karatasi ya serikali haitawaita hivyo? Wahesabuni kwa hatua, kama tulivyofanya hapa.

2. Ni nani mtaani kwenu anayeandikiwa barua zake na wengine? Mwulizeni kama barua ya mwisho ilisomwa mbele yake kabla ya kutia kidole, na kama anayo nakala yenye muhuri.